Yadi 8 za zege si mita 8: kusoma kotesheni ya Kimarekani bila kupungukiwa

Mdogo wangu anaishi Houston, Texas. Aliamua kumwaga jamvi la karakana nyuma ya nyumba yake, akapima vile alivyofundishwa huku nyumbani: urefu mita 9, upana mita 7, unene sentimita 12. Akazidisha, akapata 7.56. Akapiga simu kwa muuza zege, akataja hiyo 7.56, na aliyepokea simu akaandika 8. Jioni nikapokea picha ya kotesheni kwenye WhatsApp, na chini yake maneno: "Kaka, wameniongezea kidogo, 8 badala ya 7.56. Nilipe?"

Nikamwambia asilipe kwanza. Ile 8 ilikuwa ya yadi na ile 7.56 ilikuwa ya mita. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Kila mmoja alitaja namba kwa kipimo alichozoea na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Yadi za ujazo 8 ni mita za ujazo 6.12 tu. Angepungukiwa mita za ujazo 1.44, na kwa upana ule wa mita 7 na unene ule wa sentimita 12, zege lingeisha mita 1.7 kabla ya kufikia ukingo wa mwisho. Gari limeshaondoka, jua la Texas linawaka, na jamvi lina pengo la kulaza kitanda.

Nafanya ukadiriaji majenzi Dar es Salaam, kwa hiyo kotesheni nyingi ninazosoma ni za mita. Za yadi huja mara chache: ndugu aliye Marekani anajenga, au mfadhili wa huko anatuma makadirio ya zahanati yaliyoandikwa na mtu wake. Uchache wake ndio hatari yake, maana jicho limezoea mita na linasoma mita hata pasipo na mita. Hapa chini nafuata karatasi ile ya Houston tangu mwanzo hadi zege lilipomwagwa.

Hatua ya 1: Tafuta herufi zilizo pembeni ya namba

Kabla ya kugusa kikokotoo, soma safu ya kipimo. Wamarekani huandika CY, wengine CYD au YD3, na wengi huandika YD peke yake. Kwenye biashara ya zege, mtu akisema yadi bila kuongeza neno, anamaanisha yadi ya ujazo. Si yadi ile ya kitambaa.

Karatasi hiyohiyo inaweza kuwa na herufi nyingine zinazofanana. SY ni yadi ya mraba, SF ni futi ya mraba, na CF ni futi ya ujazo. Kazi ya kulainisha uso wa jamvi hulipwa kwa SF, zege lenyewe kwa CY. Ukizichanganya, hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Karatasi ya mdogo wangu ilikuwa fupi. Mstari wa kwanza: zege la nguvu ya 4000 PSI, 8.00 CY, dola 172.00 kila moja, jumla 1,376.00. Mstari wa pili: nyongeza ya mafuta, dola 40.00 kwa kila gari. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: gari likibeba chini ya 5 CY kuna ada ya mzigo mdogo, gari linabeba 10 CY tu, kushusha ni dakika 5 kwa kila CY, zikizidi unalipia kila dakika. Bei hizo ni za karatasi ile, usizichukue kuwa bei za Houston nzima.

Hatua ya 2: Shika namba moja, ujue ilikotoka

Yadi moja ni mita 0.9144 kamili. Si makadirio: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana hivyo mwaka 1959. Kwa hiyo yadi ni fupi kuliko mita kwa sentimita 8 na nusu hivi. Ukinunua kitambaa kwa yadi ukidhani ni mita, umepoteza upana wa kiganja, na fundi cherehani mzuri atakufichia hilo kwenye pindo.

Zege halina pindo. Chukua sanduku la mita moja kila upande, kisha likate sentimita 8 na nusu kwenye urefu, halafu upana, halafu kimo. Umekata mara tatu, na kinachobaki ni 0.9144 × 0.9144 × 0.9144, yaani 0.7646. Sanduku limepoteza karibu robo. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakumbuka kwamba yadi ni "kama mita, pungufu kidogo", wanazidisha kwa 0.9144 mara moja tu na kuondoka. Kwa njia hiyo yadi 8 zinakuwa mita 7.3, na mtu anaona upungufu mdogo unaoweza kuzibwa kwa mifuko michache, wakati ukweli ni 6.1.

Andika hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari:

```
m3 = yd3 × 0.7646
yd3 = m3 × 1.308
bei ya m3 = bei ya yd3 × 1.308
```

Kwa anayetumia Excel au Google Sheets, kazi hiyo inafanywa na fomula moja:

```
=CONVERT(8,"yd^3","m^3")
```

Itakupa 6.1164. Ukitumia 0.76 badala ya 0.7646 kwenye jamvi la nyumbani, hutaona tofauti. Kwenye mradi wa yadi 2,000, tofauti hiyo ndogo inafika mita za ujazo 9, ambazo ni zaidi ya gari zima. Kwa hiyo beba tarakimu nne hadi mwisho, ukaribishe mara moja tu, pale unapoagiza.

Ukiwa saiti bila simu, kuna njia ya kichwani ninayoipenda. Kutoka mita kwenda yadi ongeza theluthi. Kutoka yadi kwenda mita punguza robo. Mita 7.56 ukiongeza theluthi yake, ambayo ni 2.52, unapata yadi 10.08, na jibu la kikokotoo ni 9.89. Yadi 8 ukitoa robo unapata mita 6, na jibu halisi ni 6.12. Njia hii inakosea kwa takriban asilimia 2, na uzuri wake ni kwamba inakosea upande usioumiza. Ukiagiza, inakuagizisha kidogo zaidi. Ukipokea, inakuambia umepata kidogo pungufu. Usiitumie kulipa, itumie kushtuka.

Hatua ya 3: Rudia hesabu kwa njia yao

Usimpelekee muuzaji namba ya yadi uliyoipata wewe halafu ukatulia. Mpelekee vipimo vitatu vya jamvi kwa futi na inchi, yeye apige mwenyewe, mlinganishe. Wao huzidisha urefu kwa futi, upana kwa futi, unene kwa inchi, kisha wanagawanya kwa 324. Hiyo 324 haina uchawi: yadi ya ujazo ina futi za ujazo 27, futi ina inchi 12, na 27 mara 12 ni 324.

Mita 9 ni futi 29.53. Mita 7 ni futi 22.97. Sentimita 12 ni inchi 4.724. Zidisha zote, gawanya kwa 324, unapata 9.89. Ni ileile tuliyoipata kwa 1.308. Njia mbili zikikutana, hakuna aliyeruka kipimo.

Sasa angalia kilichotokea kwenye simu ya pili. Muuzaji alimuuliza mdogo wangu, "Unene ni inchi nne?" Naye akakaribia kuitikia, kwa sababu 4.72 inasikika kama nne na kitu. Inchi 4 ni sentimita 10.16. Ukikubali nne, jamvi zima linapungua karibu sentimita 2, na yadi zinashuka kutoka 9.89 hadi 8.37. Kosa la kukaribisha inchi ni kubwa kuliko makosa yote ya tarakimu za desimali uliyoyahangaikia.

Kuna jingine lililo palepale. Mbao wanayoiita 2×4 Marekani haina inchi 2 wala inchi 4. Ikisharandwa ni inchi 1.5 kwa 3.5. Fundi akisimamisha 2×4 kama ukingo na kujaza hadi juu, jamvi lake ni inchi 3.5, yaani sentimita 8.9, hata kama kila karatasi inasema inchi 4. Mdogo wangu alitumia 2×6, ambayo kwa kweli ni inchi 5.5, karibu sentimita 14, akaizamisha kidogo ardhini. Kwa hiyo ukingo haukumwambia unene. Ilibidi apime.

Hatua ya 4: Pima unene uliopo, si uliochorwa

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu hesabu ya yadi inaweza kuwa sahihi kabisa na zege likapungua bado.

Jamvi lake lina mita za mraba 63. Ardhi iliyo chini ikishuka sentimita moja tu kwa wastani, imemeza mita za ujazo 0.63, ambazo ni yadi 0.82. Sentimita moja! Ni kina ambacho macho hayaoni kwenye kifusi kilichoshindiliwa. Watu huongeza asilimia 5 au 10 "ya upotevu" na kudhani wamefunika kila kitu, wakati asilimia hiyo inaweza kuliwa yote na shimo moja pana katikati.

Nilimwambia avute kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akaze isilegee katikati, kisha ashushe tepu kutoka kwenye kamba hadi ardhini sehemu 12: safu tatu, kila safu sehemu nne. Akanitumia namba. Ndogo ilikuwa sentimita 11.4, kubwa 14.1, upande ambako maji ya mvua huwa yanapita. Wastani ukawa 12.6.

Hesabu ikarudi mwanzo. Mita za mraba 63 mara 0.126 ni mita za ujazo 7.94. Gawanya kwa 0.7646, unapata yadi 10.38. Ongeza asilimia 5 ya kumwagika na kubaki kwenye mlizamu wa gari na kwenye toroli, inafika 10.90. Tukaagiza 11.

Niliongeza asilimia 5 na si 10 kwa sababu unene tulikuwa tumeupima. Kama ungekuwa wa kukisia, ningeweka 10. Na ukikaribisha, karibisha juu. Wauzaji wengi huuza hadi robo au nusu yadi, kwa hiyo uliza kabla ya kuruka hadi namba nzima inayofuata.

Hatua ya 5: Geuza bei, na uigeuze upande sahihi

Hapa ndipo hata waliozoea huteleza. Ujazo ukienda kutoka yadi kwenda mita, namba inapungua. Bei ya kipimo kimoja ikienda kutoka yadi kwenda mita, namba inaongezeka. Ni mantiki ya sokoni: sado ikiwa ndogo kuliko debe, bei ya debe lazima iwe kubwa kuliko ya sado. Mita ni chombo kikubwa kuliko yadi, hivyo bei yake ni kubwa.

Dola 172 kwa yadi ni 172 mara 1.308, yaani dola 225 kwa mita ya ujazo. Ukizidisha kwa 0.7646 kimakosa unapata 131.5, na unaamini umeokota zege la bei ya chee. Niliwahi kuona jedwali la kulinganisha wauzaji ambamo safu ya ujazo na safu ya bei zote zilizidishwa kwa 0.7646. Muuzaji wa yadi akashinda kwa mbali, na mkutano mzima ukampigia makofi hadi mzee mmoja wa stoo alipouliza mbona jumla ya chini haifanani na jumla iliyo kwenye karatasi ya muuzaji.

Swali la yule mzee ndilo kipimo chako. Jumla ya pesa haibadiliki kwa kubadili kipimo. Yadi 8 mara dola 172 ni 1,376. Mita 6.1164 mara dola 224.97 ni 1,376. Jumla mbili zikitofautiana kwa zaidi ya senti za kukaribisha, umegeuza kitu upande usio wake.

Halafu, geuza tu mistari iliyo kwa CY. Nyongeza ya mafuta ya dola 40 ni kwa gari. Haijui yadi wala mita. Ada ya mzigo mdogo nayo ni kwa gari. Muda wa kushusha uliandikwa kwa CY, lakini huo ninauacha kwenye yadi ulivyo, kwa sababu dereva atahesabu kwa yadi na saa yake: yadi 6 ni dakika 30, basi.

Hatua ya 6: Tazama magari kabla ya kusaini

Yadi 11 hazikuingia kwenye gari la yadi 10. Kwa mpango wa kawaida wa muuzaji, gari la kwanza lingeleta 10, la pili lingeleta 1, na hilo la pili lingetozwa ada ya mzigo mdogo kwa sababu liko chini ya 5. Mdogo wangu alianza kufikiria kupunguza unene ili lote litoshe gari moja. Mimi sikupenda. Alikuwa anataka kuegesha gari zito juu yake, na sehemu yenye sentimita 11.4 ilikuwa tayari nyembamba kuliko alichokusudia.

Tukamwomba muuzaji agawe 6 na 5. Akakubali bila neno. Hakuna gari lililo chini ya 5, hivyo ada haikuwepo; kilichoongezeka ni nyongeza ya mafuta ya gari la pili. Jumla mpya: 11 mara 172 ni 1,892, jumlisha 80, ni dola 1,972. Gawanya kwa mita 8.41, ambazo ndizo yadi 11, unapata dola 234.5 kwa mita ya ujazo mlangoni. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na muuzaji mwingine, si ile 225 ya mstari wa kwanza.

Mpangilio wa magari mawili una ubaya wake: la pili likichelewa, zege la kwanza linaanza kushika na unapata mstari wa kiungio. Tulimwomba aandike kwenye oda dakika 40 kati ya gari na gari, kwa kuwa la kwanza lina dakika 30 za kushusha.

Hatua ya 7: Namba nyingine zilizojificha kwenye mstari uleule

Sitarefusha, lakini 4000 PSI hiyo inahitaji neno moja. Ni takriban MPa 27.6, na Wamarekani hupima nguvu kwa silinda. Mafundi wetu wanaposema C25 wengi wao wanamaanisha nguvu ya MPa 25 ya mchemraba uliopimwa siku ya 28. Silinda husoma chini kuliko mchemraba, kwa takriban moja ya tano. Kwa hiyo 4000 PSI si sawa na C25 yetu ya mchemraba. Ni zege kali zaidi. Ukilinganisha bei ya mita ya 4000 PSI na bei ya C25, unalinganisha vitu viwili.

Wengine hawaandiki PSI, wanaandika "mifuko sita". Mfuko wa Kimarekani wa saruji ni ratili 94, yaani kilo 42.6, si kilo 50. Mifuko sita kwa yadi ni kilo 256 kwa yadi, ukigawanya kwa 0.7646 ni kilo 335 kwa mita, ambayo ni mifuko yetu 6.7. Namba zinakaribiana kwa bahati tu: mfuko wao mdogo na yadi yao ndogo vinakatana. Nimeona watu wakichukua bahati hiyo kama kanuni na kuitumia kwenye mchanga na kokoto, ambako hakuna mfuko wa kuikatisha. Huko ratili kwa yadi unazidisha kwa 0.593 kupata kilo kwa mita, bila njia ya mkato.

Hatua ya 8: Gari likifika, soma tiketi

Dereva anakupa karatasi yenye uzito wa kila kitu kilichoingia: saruji, mchanga, kokoto, maji. Hiyo ndiyo nafasi ya kujua kama yadi ulizolipia zimekuja. Jumlisha uzito wote. Gari la kwanza la mdogo wangu lilikuwa na ratili 23,850 kwa yadi 6.

Ratili moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo ni kilo 10,818. Yadi 6 ni mita 4.587. Gawanya: kilo 2,358 kwa mita ya ujazo. Zege la kawaida bichi huwa kwenye kilo 2,300 hadi 2,400 hivi, kwa hiyo limo ndani. Kama ungesahau kugeuza yadi na kugawanya kwa 6, ungepata 1,803, uzito ambao zege la kokoto la kawaida halina. Namba hiyo ikikutokea, kosa ni lako. Lakini ukigeuza vizuri na bado ukapata, tuseme, 2,100, basi yadi zilizoandikwa ni nyingi kuliko zilizomo garini, au zege lina hewa nyingi kuliko uliloagiza, na una haki ya kumuuliza muuzaji kabla mlizamu haujashushwa.

Nilikuwa kwenye simu ya video wakati anasoma tiketi, kwake asubuhi, kwangu jioni. Alisoma uzito mara mbili kwa sababu kidole chake kilikuwa kinaficha tarakimu ya mwisho.

Kwa makadirio yangu mita 8.41 zilikuwa zinakuja na nafasi ya kujaza ilikuwa 7.94, kwa hiyo nilimwambia aandae pembeni fremu ndogo ya mbao tatu na ukuta, mahali anapoweka mapipa ya taka. Gari la pili lilipomaliza, ukingo wote ulikuwa umejaa. Toroli nne zilibaki, akazimwaga kwenye ile fremu.